Sindano ya kifafa cha mimba: 58, 11 au 91?

Hii ni sehemu ya sita ya mfululizo wetu wa presha ya ujauzito. Sehemu zilizopita tulizungumza dalili: kichwa kinachouma bila kuachia, kuona ukungu au nyota, maumivu ya chembe ya moyo, kuvimba uso na mikono. Leo tunahamia kwenye namba, maana kuna siku utakuwa umelala kitandani wodi ya wazazi, mhudumu atakuambia "hii dawa inapunguza hatari kwa asilimia fulani", na utatakiwa ukubali au ukatae. Nataka siku hiyo ujue cha kuuliza.

Haya yametoka kwenye kazi yangu ya shule. Nina stashahada ya uuguzi na sasa najiendeleza huku nikiwa kazini. Kwenye somo la utafiti tumepewa insha: chagua tiba moja unayoitumia wodini, kisha waeleze wahudumu wenzako, yaani madaktari, matabibu na wakunga, faida yake kwa namna tatu. Ya kwanza ni upungufu wa hatari kwa kulinganisha. Ya pili ni upungufu halisi wa hatari. Ya tatu ni idadi ya wagonjwa wanaohitaji kutibiwa ili mmoja anufaike. Mhadhiri akaongeza sharti: mwenzako akimaliza kusoma, aweze kwenda kumweleza mgonjwa. Basi nikaona nianze na nyinyi. Nyinyi mkielewa, daktari hana kisingizio.

Nimechagua magnesiamu salfeti, ile mnayoiita sindano ya kifafa cha mimba. Nimeichagua kwa sababu ndiyo sindano ninayobishana nayo na akina mama kuliko zote, na ubishi wao una haki. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 taratibu kwenye mshipa, kisha gramu 5 kila upande wa makalio. Baada ya hapo gramu 5 kila baada ya saa 4, tunabadilisha upande, mpaka saa 24 zitimie. Inauma jamani, sitawadanganya. Ile ya mshipa inaleta joto mwili mzima, uso unawaka, wengine wanahisi kichefuchefu.

Kwa mama ambaye ameshapata degedege, hakuna mjadala mrefu. Tunampa haraka, na namba za leo hazimhusu yeye. Mjadala uko kwa mama mwenye presha ya juu na protini kwenye mkojo, ambaye bado hajaanguka. Anakaa, anaongea, pengine anakunywa uji. Anakuuliza, "Sista, mimi sina kifafa. Kwa nini mnichome sindano ya kifafa?"

Swali hilo lilijibiwa na utafiti mkubwa unaoitwa Magpie, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2002. Ulihusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wote wakiwa na presha ya ujauzito pamoja na protini kwenye mkojo, na madaktari wao hawakuwa na uhakika kama wawape magnesiamu au wasiwape. Kwa bahati nasibu, nusu walipewa magnesiamu halisi na nusu walipewa dawa bandia, inayofanana nayo kwa macho lakini haina kitu ndani. Mama hakujua amepata ipi, na mhudumu pia hakujua. Kisha wakahesabu nani amepata degedege.

Kila upande ulikuwa na wanawake 5,055 waliofuatiliwa. Waliopata dawa bandia, 96 walipata degedege. Waliopata magnesiamu, 40 walipata degedege. Hizo namba mbili, 96 na 40, ndizo unga wetu. Mikate yote mitatu nitakayowaonyesha imetoka humo.

Ili iwe rahisi, tuwaweke wanawake 1,000 kila upande. Kwenye wanawake 1,000 wasiopata magnesiamu, 19 walipata degedege. Kwenye wanawake 1,000 waliopata, 8 walipata degedege. Shikeni hizo: 19 na 8.

Mkate wa kwanza. Toa 8 kwenye 19, unabaki na 11. Sasa jiulize, 11 ni sehemu gani ya wale 19? Ni asilimia 58. Huu ndio upungufu wa hatari kwa kulinganisha. Unalinganisha wagonjwa na wagonjwa: kati ya wale ambao wangepata degedege, dawa imewaokoa zaidi ya nusu. Ni habari njema na ni ya kweli.

Mkate wa pili. Ile 11 yenyewe, uiache ilivyo. Kwenye wanawake 1,000 tuliowachoma, 11 wameepuka degedege kwa sababu ya dawa. Huu ndio upungufu halisi wa hatari. Kwa asilimia ni 1.1. Nao ni wa kweli vilevile.

Mkate wa tatu. Kama wanawake 1,000 wanaleta faida kwa 11, inabidi nichome wangapi ili mmoja afaidike? Gawa 1,000 kwa 11, unapata 91. Nachoma wanawake 91 ili mmoja asipate degedege. Namna hii ya kuhesabu ililetwa kwa madaktari mwaka 1988 na watafiti watatu, Andreas Laupacis, David Sackett na Robin Roberts, kwa sababu waliona asilimia zinampoteza daktari anapokuwa mbele ya mgonjwa. Walitaka namba inayofanana na kazi yenyewe: wagonjwa unaowatibu, na wangapi wanafaidika.

Kwa hiyo 58, 11 na 91 ni utafiti uleule, wanawake walewale, dawa ileile. Lakini tuambizane ukweli. Ukiambiwa "inapunguza hatari kwa asilimia 58" utapanga foleni. Ukiambiwa "nachoma 91 ili mmoja afaidike" utavuta khanga yako na kuuliza gari la kurudi nyumbani liko wapi.

Hapo ndipo tulipobishana na tabibu mmoja tunayefanya naye kazi, mtu ninayemheshimu. Nilimwonyesha rasimu ya insha akasema, "Sista, hizo nyingine waachie watu wa chuo. Wewe mwambie mama asilimia 58, atakubali, tutaendelea na kazi. Ukimwambia 91 atakataa, halafu akianguka degedege usiku utamlilia nani?"

Hoja yake si ya kijinga. Aliyewahi kumshika mama mwenye degedege, povu mdomoni, meno yameng'ata ulimi, mapigo ya mtoto yanashuka, hawezi kumlaumu. Lakini mimi nilimjibu hivi: asilimia 58 pekee haimwambii mama jambo analouliza. Yeye anauliza "mimi nina hatari kiasi gani?" na wewe unamjibu "itapungua zaidi ya nusu". Nusu ya nini?

Chukueni mfano wa sokoni. Muuza duka anabandika karatasi, punguzo la nusu bei. Kama ni pipi ya shilingi 100, umeokoa 50. Kama ni kitanda cha shilingi 400,000, umeokoa 200,000. Karatasi ni ileile na nusu ni ileile. Usipojua bei ya mwanzo, punguzo halikuambii chochote kuhusu mfuko wako. Kwenye dawa, bei ya mwanzo ni hatari uliyokuwa nayo kabla ya kutibiwa. Kwa wanawake wa utafiti ule ilikuwa 19 kwa 1,000.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo wahudumu wengi tunaliruka, ndiyo maana nimelipa ukurasa mzima kwenye insha. Ile 91 haijaandikwa kwenye chupa ya dawa. Inabadilika kulingana na nani aliye kitandani.

Watafiti wa Magpie waliwagawa wanawake makundi mawili. Kwa wale ambao hali yao ilikuwa kali tayari, yaani presha imepanda sana au dalili zimeanza, ilibidi kutibu 63 ili mmoja aepuke degedege. Kwa wale ambao hali haikuwa kali, ilibidi kutibu 109. Geuza hizo kwa 1,000: wa kundi la hali kali, kama 16 wanaokolewa, wa kundi la hali isiyo kali, kama 9. Dawa haikubadilika nguvu. Kilichobadilika ni bei ya mwanzo. Mwenye hatari kubwa ana kikubwa cha kuokoa.

Kwa hiyo mama mwenye presha 170 kwa 115, kichwa kinampasuka na macho yanaona nyota, hatakiwi kupewa namba ileile ninayompa mama mwenye 145 kwa 95 asiye na dalili yoyote. Huyu wa kwanza namsogelea, namshika mkono na kumwambia dawa hii ni yake. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza magnesiamu kwa wenye hali kali. Huyu wa pili tunakaa, daktari anapima tena, tunazungumza.

Sasa upande wa gharama, na hapa simaanishi pesa. Tabibu mwenzangu alipenda kuhesabu faida kwa asilimia na madhara kwa mdomo: "Utasikia joto kidogo tu." Hiyo si haki. Ukihesabu faida kwa namba, hesabu na madhara kwa namba hiyohiyo.

Kwenye Magpie, waliopata magnesiamu asilimia 24 walilalamikia madhara. Waliopata dawa bandia, asilimia 5. Tofauti ni 19 kwa kila 100. Gawa 100 kwa 19, unapata kama 5. Maana yake, kwa kila wanawake 5 ninaowachoma, mmoja anapata usumbufu ambao asingeupata bila dawa. Mara nyingi ni lile joto la mwili na uso kuwaka.

Weka sasa namba mbili pamoja: mmoja kati ya 91 anaepuka degedege, mmoja kati ya 5 anaungua joto. Ukisoma haraka utasema hasara imeshinda. Lakini "mmoja" hawa si sawa. Joto linapita ndani ya muda mfupi. Degedege linaweza kukuvunja jino, kukutia makohozi kwenye mapafu, kukuletea damu kwenye ubongo. Hii namba ya idadi ya kutibiwa inakuambia ni wangapi, haikuambii ni kitu kizito kiasi gani. Uzito unaupima wewe mwenyewe, mwenye mwili. Ndiyo maana nasema mama lazima aambiwe yote mawili.

Kuna madhara mazito pia, ila ni ya nadra, nayo tunayazuia kwa kuangalia. Magnesiamu ikizidi mwilini, kwanza mguu unaacha kuruka tunapougonga chini ya goti, kisha pumzi inapungua. Kwa hiyo kabla ya kila dozi utaniona nikikugonga goti, nikihesabu pumzi zako zisiwe chini ya 16 kwa dakika, na nikipima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, maana dawa hii inatoka kwa njia ya figo. Usione ninakusumbua. Na pembeni lazima kuwe na kalsiamu glukoneti tayari, ndiyo inayoitangua magnesiamu. Namba nzuri za Magpie zilitokana na wanawake walioangaliwa hivyo. Mahali ambapo hakuna anayepima pumzi usiku, ile hesabu ya madhara si yetu tena.

Swali lingine mtaniuliza: je, inazuia kifo? Hapa muwe makini, maana ndipo asilimia inapodanganya vizuri zaidi. Kwenye utafiti, waliopata magnesiamu walifariki 11, waliopata dawa bandia walifariki 20. Mtu akitaka kukushtua atasema vifo vimepungua kwa asilimia 45. Lakini ni watu 11 na 20 kati ya zaidi ya 5,000 kila upande. Tofauti ndogo kama hiyo inaweza kuletwa na bahati tu, na watafiti wenyewe walisema hivyo: inaelekea kusaidia, lakini haijathibitika. Hata ile asilimia 58 ya degedege wameipa nafasi, kwamba ukweli unaweza kuwa kati ya 40 na 71. Tofauti ni kwamba ya degedege, hata ukichukua ya chini kabisa, bado ni faida. Ya vifo huwezi kusema hivyo. Na kwa watoto, vifo havikutofautiana kwa namna ya kueleweka. Kwa hiyo mhudumu akikuambia "chukua hii imlinde mtoto asife", anakwenda mbali kuliko ushahidi. Inakulinda wewe dhidi ya degedege. Hiyo inatosha kuisemea bila kuiongezea chumvi.

Mnaona sasa asilimia inaweza kutumika kuuza dawa. Inaweza pia kutumika kutisha. Mwaka 1995 huko Uingereza, mamlaka ya usalama wa dawa ilitoa tahadhari kwamba aina fulani mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili. Mara mbili! Wanawake wengi wakaacha vidonge kwa hofu. Hatari halisi ilikuwa imetoka kama mwanamke mmoja kwa 7,000 kwenda wawili kwa 7,000. Ni nyongeza ya mwanamke mmoja kwa kila 7,000. Mwaka uliofuata mimba zisizotarajiwa ziliongezeka, na utoaji mimba ukaongezeka. Na ujauzito wenyewe unagandisha damu kuliko vile vidonge walivyovikimbia. Hakuna aliyesema uongo. Walisema "mara mbili" tu, wakaacha kusema mara mbili ya ngapi.

Nikarudi kwa tabibu wangu na hilo. Nikamwambia, leo tunatumia asilimia kumfanya mama akubali sindano, kesho mtu mwingine ataitumia kumfanya akatae chanjo ya mtoto. Mama aliyezoea kusikia asilimia peke yake hana kinga dhidi ya huyo wa kesho. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi niandikie maneno ya kusema. Nina dakika mbili kwa mgonjwa, sina ukurasa."

Ndiyo sehemu ya mwisho ya insha yangu, na nilifurahi kuiandika kuliko zote. Maneno yenyewe ni haya, kwa mama ambaye hali yake ni kali:

"Mama, presha yako imefika mahali ambapo unaweza kupata degedege. Wanawake wengi wa hali kama yako hawapati, lakini wapo wanaopata, na hatuwezi kujua mapema ni nani. Tukiwapa wanawake 1,000 wa hali yako sindano hii, kama 16 ambao wangepata degedege hawapati. Inauma, na mmoja kati ya watano anasikia joto kali ambalo linapita. Nitakuwa nakuangalia pumzi na mkojo muda wote. Unataka kuniuliza nini?"

Nilimpimia kwa saa ya ukutani. Haifiki dakika moja.

Mtagundua sikuweka asilimia 58 humo. Nimeiweka kwenye insha kwa wahudumu, kwa sababu kwao ina kazi: nguvu ya dawa kwa kulinganisha mara nyingi haibadiliki sana kutoka kundi moja kwenda jingine, kwa hiyo daktari anaweza kuichukua, akaizidisha na hatari ya mgonjwa wake, akapata faida ya mgonjwa huyo. Ni kifaa cha jikoni. Mezani kwa mama unapeleka chakula, hupeleki mwiko.

Na nimependelea 16 kwa 1,000 kuliko "63 ili mmoja afaidike", ingawa ni kitu kilekile. Ile 63 inamsaidia daktari kupanga. Mama akiisikia anajiona kama yuko kwenye bahati nasibu, na wengine wanadhani wale 62 wameumizwa. Hawakuumizwa. Wengi wao wasingepata degedege hata bila sindano, na wachache wangepata hata na sindano. Tatizo ni kwamba asubuhi tunapochoma, wote wanafanana.

Basi mkienda kliniki au wodini, mkipewa dawa yoyote ya kuzuia jambo ambalo halijatokea, chukueni maswali mawili tu. La kwanza: bila dawa hii, wanawake wangapi kama mimi kwa 1,000 wanapatwa na hilo jambo? La pili: wakitumia dawa, wanabaki wangapi? Toa ya pili kwenye ya kwanza, hiyo ndiyo faida yako. Kisha uliza madhara kwa 1,000 hiyohiyo. Mhudumu asipojua namba kamili usimgombeze, mwambie akuambie kama ni kubwa au ndogo na kwa nini. Lakini kama una kichwa kinachopasuka na macho yanaona nyota, uliza huku sindano inaandaliwa, usiulize ukiwa nyumbani.

Insha naikabidhi Ijumaa. Sehemu ya saba tutazungumza presha inayobaki baada ya kujifungua, maana degedege linaweza kuja hata ukiwa umeshampakata mtoto, na wengi mnaruhusiwa kurudi nyumbani bila kuambiwa hilo.